Kakasoni: ni lini unabakiza watu mkononi? Nimefungwa nikiwa na watu saba wote mezani

#1 BintiChumbageni
Habari za jioni wakuu. Naomba tujadili Carcassonne, ule mchezo wa vigae ambao huku Tanga wengi tunauita Kakasoni. Jana barazani kwetu Chumbageni nimecheza na binti ya mjomba, wawili tu, nikafungwa 110 kwa 103. Sijalala vizuri, maana mpaka katikati nilikuwa mbele.

Hali ilikuwa hivi. Mfukoni vilibaki vigae 24, yaani kila mmoja ana zamu 12. Mimi nina pointi 58, yeye 51. Ila watu wangu wa mbao, wale tunaowapandisha juu ya vigae, wote saba walikuwa nje: wawili wamelala mashambani, wawili kwenye mji mmoja mkubwa, mmoja kwenye monasteri, mmoja barabarani, na mmoja kwenye kijimji cha vigae viwili. Mkononi sina hata mmoja. Yeye alikuwa na watatu.

Kuanzia hapo nikawa naweka vigae kama mpangaji anayejenga kwa mwenye nyumba. Zamu ya tatu nikavuta monasteri, na pengo lilikuwepo lenye vigae saba kulizunguka. Hizo ni pointi 8 zisizo na maneno, 9 likifungwa. Sikuwa na mtu wa kumweka, na zamu ikipita ndiyo basi, huwezi kurudi kesho kumpandisha mtu kwenye kigae cha jana.

Swali langu: mnabakiza wangapi mkononi, na mpaka lini? Mimi sasa naamini mtu mmoja asitoke kabisa mpaka vigae viwe kumi. Nipingeni.

#2 MgosiWaNgamiani
Pole mgosi wangu wa kike. Umefungwa kama African Sports siku ya debi.

Mimi naona unajisumbua. Ukiishiwa, si unamrudisha mmoja? Mtoe yule wa barabarani, chukua pointi zake, mweke kwenye monasteri. Mbona sisi tunafanya hivyo kila siku?

#3 Hesabu_Tulivu
MgosiWaNgamiani, hapo mnacheza sheria za mtaani. Mtu wa kawaida harudi mpaka barabara, mji au monasteri yake ifungwe. Wa shambani harudi kabisa, analala mpaka mwisho wa mchezo.

BintiChumbageni, kabla sijasema lolote naomba mambo mawili. Ule mji mkubwa ulikuwa na vigae vingapi na ngao ngapi, na tundu lililobaki ili mji ufungwe lilizungukwa na nini pande zote nne? Nauliza kwa sababu jibu lako naona limo mle kwenye mji, halimo mkononi.

#4 MgosiWaNgamiani
Hapana mkuu, nina uhakika kuna mtu anayerudishwa. Kwenye sanduku la shemeji yangu yupo mmoja mwenye umbo lake, tofauti na wengine.

#5 Hesabu_Tulivu
Huyo ni Abate. Masanduku yaliyotoka kuanzia 2014 yanaye. Yeye anakaa kwenye monasteri au bustani, na zamu ambayo hukuweka mtu mwingine unaweza kumtoa mapema na kuchukua pointi zilizofikiwa. Kwa hiyo uko sahihi juu yake yeye tu. Barabarani hakai.

#6 MgosiWaNgamiani
Basi nimefungwa mechi nyingi kihalali na nimeshinda nyingi kiharamu. Endeleeni.

#7 MzeeWaBaraza
Assalam alaykum wanangu. Mimi nimecheza dhumna tangu ujana wangu, na jawabu naona liko wazi. Kete mkononi ni mzigo. Mwenzako akifunga, zile zilizobaki mkononi mwako ndizo zinazohesabiwa dhidi yako. Huyu binti alifanya vyema kuzitoa zote. Kama kafungwa, kafungwa kwa kutohesabu kete za mwenzake, na hilo ndilo la kujifunza.

#8 Nahodha_Bagamoyo
Shikamoo mzee wangu. Hapa si dhumna, ni vigae vya barabara na miji, na walio mkononi ni watu wa mbao unaowaweka juu ya kigae ulichotoka kukiweka. Lakini neno lako lina kitu. Mwisho wa Kakasoni mtu aliyebaki mkononi hana pointi hata moja. Hakupunguzii, ila hakupi.

#9 MzeeWaBaraza
Marahaba mwanangu. Basi nimeelewa. Hiyo ni kama kunamua kwenye bao. Unaanza na kete 32, kumi ziko ubaoni na 22 unazo mkononi, unazitoa moja moja. Zikiisha unaingia mtaji na mchezo unabadilika sura kabisa. Anayeingia mtaji akiwa vibaya hana wa kumwokoa.

#10 Hesabu_Tulivu
Mzee, mfano wako nimeupenda. Tofauti ni moja: kwenye bao huwezi kukataa kunamua, zamu yako ikifika kete inatoka. Kakasoni unaruhusiwa kuweka kigae na kumwacha mtu mkononi. Na ruhusa hiyo ndiyo wengi hatuitumii. Tukiona barabara tu, mtu chini.

#11 BintiChumbageni
Shikamoo mzee.

Hesabu_Tulivu, mji ulikuwa na vigae 8 na ngao 2. Lilibaki tundu moja tu. Kushoto mji, kulia mji, juu mji, vyote vyangu. Chini palikuwa wazi, halafu yeye akaja kuweka kigae chenye barabara inayopanda juu kuelekea tundu. Nikawa nahitaji kigae chenye mji pande tatu na barabara upande wa nne. Nilikuwa na watu wawili humo kwa sababu alijaribu kuniingilia ubavuni, nikamwahi kwa kuunganisha wa pili.

#12 Hesabu_Tulivu
Ahsante, sasa picha imekamilika. Tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo mchezo ulipogeuka.

Sanduku la msingi lina vigae 72, ukijumlisha kile cha kuanzia. Kabla hajaweka ile barabara, tundu lako lingezibwa na kigae chochote chenye mji pande tatu. Vyenye nyasi upande wa nne viko 4, vyenye barabara viko 3. Jumla 7. Kile cha mji pande zote nne kinaingia pia, lakini kinafungua mji upande wa chini, hakiufungi.

Alipoweka barabara chini, vile 4 vya nyasi vikafa. Vikabaki 3. Katika hivyo 3, viwili vina ngao na kimoja hakina. Swali: vingapi vilikuwa vimeshatoka?

#13 BintiChumbageni
Viwili. Vyote viwili vya ngao vilikuwa mezani tayari. Nimepiga picha meza kabla hatujavuruga, nimeviona.

#14 Hesabu_Tulivu
Basi ulikuwa unangoja kigae kimoja tu kati ya 24. Wewe unavuta 12, yeye 12. Ni nusu kwa nusu kukipata wewe, na akikipata yeye atakitupa pembeni huko mbali.

Sasa thamani yake. Usipofunga, mji ule unakupa pointi moja kwa kila kigae na moja kwa kila ngao: 8 na 2, yaani 10. Ukifunga unakuwa na vigae 9, kila kimoja pointi 2, na ngao 2 kila moja pointi 2: jumla 22. Tofauti ni 12. Ukizigawa kwa ile nusu, ulikuwa unangoja kitu cha wastani wa pointi 6. Kwa ajili ya pointi 6 za matumaini, umefungia watu wawili kwa zamu 12.

Upande wa pili, kijimji cha vigae viwili unakifunga kwa zamu moja: unaweka kigae, unapandisha mtu, unahesabu pointi 4, unamrudisha mkononi palepale. Huyo kesho yuko tayari tena.

Kwa hiyo sikubaliani na kanuni yako ya kubakiza mtu mmoja mpaka vigae kumi. Idadi si tatizo. Mimi kabla ya kumweka mtu najiuliza vigae vingapi bado viko mfukoni vinavyoweza kumrudisha nyumbani. Vikiwa vingi namweka hata kama ni wa mwisho. Vikiwa kimoja au viwili, namwacha mkononi hata kama ninao watano.

#15 MgosiWaNgamiani
Kumbe Tanga yetu ilishasema zamani: waja leo waondoka leo. Mtu wa Kakasoni awe hivyo hivyo, akifika jioni asilale.

#16 Shamba_Kwanza
Naingia kwa haraka. Hesabu_Tulivu anaeleza vizuri lakini mnasahau mashamba. Mtu wa shambani harudi hata siku moja, kwa hesabu ya #14 asingewekwa kabisa! Mimi naweka mkulima mmoja ndani ya vigae kumi vya kwanza, kila mchezo, na hao ndio wananishindishia. Shamba linalogusa miji mitano iliyofungwa ni pointi 15. Hakuna barabara itakayokupa hizo.

#17 Pangani_Kwetu
Miji mitano ni pointi 20, siyo 15. Kila mji 4. Sanduku langu ni la zamani, alinunua baba akiwa safarini, na kitabu chake kimeandika hivyo.

#18 Hesabu_Tulivu
Wote mko sahihi kwa masanduku yenu. Mchezo ulitoka Ujerumani mwaka 2000, mtunzi wake Klaus-Jürgen Wrede, ukachukua tuzo ya mchezo wa mwaka ya huko mwaka 2001. Sheria za mwanzo zilitoa 4 kwa kila mji, na mji ulihesabiwa mara moja tu. Sheria za sasa ni 3, na mji mmoja ukigusa mashamba mawili, kila shamba linauhesabu. Hata kijimji cha vigae viwili zamani kilikuwa pointi 2 tu, leo ni 4.

Na hiyo inagusa mada yetu, Pangani_Kwetu. Kwa sheria zako kumtoa mtu na kumrudisha haraka kwenye vijimji kunalipa nusu, ila kumlaza shambani kunalipa zaidi. Kwa hiyo wewe ukiishiwa mapema huumii kama anavyoumia BintiChumbageni.

#19 Pangani_Kwetu
Nimekuelewa. Ndiyo maana shemeji zangu wa mjini wananishangaa nikijaza wakulima.

#20 Shamba_Kwanza
Na ile hoja yangu hujaijibu mkuu.

#21 Hesabu_Tulivu
Samahani. Mkulima ni gharama ya kudumu, kweli. Lakini mimi sikubali "ndani ya vigae kumi" kama sheria. Mwanzoni hujui shamba litakuwa kubwa au litakatwa na barabara vipande vitatu. Ukimlaza pale, umebaki na watu sita kwa zamu zaidi ya thelathini. Mimi namlaza shamba linapoonekana, miji miwili imeshafungwa pembeni yake na barabara za kulikata zimeshapita. Wakati mwingine ni kigae cha ishirini, wakati mwingine cha arobaini.

#22 Shamba_Kwanza
Ukingoja liwe wazi hivyo, mwenzako kashalala humo. Na huwezi kumweka mtu kwenye shamba lenye mtu, inabidi uanze la pembeni kisha utafute kigae cha kuyaunganisha. Hizo ni zamu mbili na bahati. Mimi nalipa mtu mmoja mapema nisilipe wawili baadaye. Hapa hatutakubaliana.

#23 MamaWawili
Habari zenu. Sisi nyumbani tunacheza na watoto, wa miaka 9 na 12. Monasteri wanaiita "Misheni" kwa sababu waliwahi kupelekwa Bagamoyo kuiona ile ya mapadri, ya mwaka 1868. Sasa huyu wa miaka 9 ana tabia: kila kigae anaweka mtu. Kila kigae! Mpaka wanaisha zamu ya saba, halafu analia. Nimejaribu kumwambia abakize, hasikii.

Halafu kigae kimoja kimepotea, nadhani mtoto wa jirani aliondoka nacho. Naweza kutengeneza cha boksi?

#24 Nahodha_Bagamoyo
MamaWawili, karibu Bagamoyo tena. Kigae cha boksi kitajulikana mfukoni kwa kupapasa, kitakuwa laini na chepesi. Bora mvute kwa kupanga vigae kifudifudi mezani, siyo kwa mkono ndani ya mfuko.

Kuhusu mtoto, mwambie jambo moja tu: asiweke mtu wa mwisho kwenye barabara. Wengine aweke anavyotaka. Wangu aliacha kulia kwa hilo.

#25 MamaWawili
Kwa nini barabara?

#26 Nahodha_Bagamoyo
Kwa sababu barabara inalipa pointi moja kwa kigae, ikifungwa au isipofungwa. Ukimweka mtu wako wa mwisho kwenye barabara mwanzoni, umemfunga kwa ajili ya pointi tatu, nne. Huyo wa mwisho awe wa monasteri itakayokuja au mji wa kufunga hapo hapo.

Ila niongeze jambo kwenye mada, maana naona wote mnazungumzia watu wawili. Sisi huku tunacheza wanne. Vigae 71 vya kuvuta mkigawana wanne, kila mmoja anapata zamu 17 au 18. Wawili mnapata 35 au 36. Watu ni saba vilevile! Kwa hiyo mimi mwenye zamu 17 nikiwabakiza wawili mkononi mchezo mzima, nimewapoteza bure. Sisi tunawatoa mapema na hatuishiwi.

#27 MgosiWaNgamiani
Hapo Nahodha umesema. Tatizo la dada ni kukosa marafiki wawili wa kukaa naye.

#28 Hesabu_Tulivu
Nahodha, hesabu ya zamu ni sahihi. Ninachokitilia shaka ni "hatuishiwi". Mkiwa wanne, mji wako mkubwa una watu watatu wasiotaka ufungwe, na wewe unavuta kigae kimoja kati ya vinne. Yule mtu kwenye mji anakaa muda mrefu zaidi. Monasteri ndiyo inafaidika, maana wenzako wanaizungushia vigae bila kupenda.

#29 Nahodha_Bagamoyo
Ndiyo maana wanne hatujengi miji mikubwa. Vigae vitatu, vinne, unafunga. Lakini sawa, sitabisha sana, sijawahi kuandika matokeo yetu.

#30 NduguYakeYuleYule
Mimi ndiye binti ya mjomba. Nimetumiwa uzi huu na mtu wa kule kule barazani.

Hesabu_Tulivu ameongea vizuri lakini mnampa dada yangu sababu isiyo yake. Hakufungwa na mji. Nilimfunga shambani. Lile shamba kubwa lenye miji mitano alikuwa na mkulima mmoja tu. Vigae sita vilipobaki mfukoni nikalaza wangu kwenye kipande cha pembeni, kisha nikapata kigae cha kuunganisha. Tukawa mmoja kwa mmoja, na mkilingana wote mnachukua pointi zote. Nikapata 15. Bila hizo ningekuwa na 95 na yeye 103 yake palepale.

Hizo nyingine nilizopata katika zamu 12 ni vijimji vitatu vya vigae viwili, 4 kila kimoja, mji mmoja wa vigae vitatu 6, monasteri 9, barabara 5. Shamba langu lingine likanipa 12. Jumlisheni wenyewe.

#31 BintiChumbageni
Karibu dada, nilijua utakuja.

Nakubali shamba liliniumiza. Lakini jiulize: ulimtoa wapi huyo wa kulaza vigae sita vilipobaki? Mkononi. Na mimi ningeweza kukujibu kwa kuunganisha wa pili nikakupita. Kwa nini sikufanya? Sikuwa na mtu wa ziada.

Nieleze pia la zamu ya tano, ambalo linaniuma kuliko yote. Nilivuta njiapanda ya barabara tatu yenye kipande cha mji juu. Ikafunga barabara yangu, pointi 6, mtu wangu akarudi. Kigae hicho hicho kikafunga kijimji cha vigae viwili kisicho na mwenyewe. Pointi 4 zilikuwa pale zinanitazama. Lakini kuweka mtu kunatangulia kuhesabu, kwa hiyo aliyerudi zamu hii hawezi kuwekwa kwenye kigae cha zamu hii. Pointi 8 za monasteri na 4 hizi ni 12. Nilifungwa kwa 7.

#32 Hesabu_Tulivu
Hilo la zamu ya tano naomba kila mtu alisome mara mbili. Wengi wanadhani ukiwa na sifuri mkononi na ukafunga kitu, umepona. Unapona zamu inayofuata. Kwa hiyo mwenye sifuri, hata akifunga, zamu ile ile anacheza bila mtu.

Ila ndugu wa #30 naye ana hoja ambayo siwezi kuifuta. Mkulima mmoja peke yake kwenye shamba la pointi 15 ni mlango usio na komeo.

#33 NduguYakeYuleYule
Ahsante. Na niseme la ziada: ile barabara ya chini ya tundu niliiweka makusudi. Nilikuwa nimeviona vile viwili vya ngao vimetoka. Ningekuwa na kigae cha kuacha tundu bila jibu kabisa ningeweka hicho.

#34 Shamba_Kwanza
Kuna tundu lisilo na jibu?

#35 NduguYakeYuleYule
Yapo. Kushoto mji, kulia mji, chini barabara, juu nyasi: hakuna kigae hicho katika sanduku la msingi. Mji upande mmoja, barabara moja tu, na nyasi mbili nacho hakipo. Ukimtengenezea mtu tundu la namna hiyo, aliyemo haondoki mpaka mwisho. Lazima tu uchunge usijitengenezee mwenyewe.

#36 MgosiWaNgamiani
Huyu binti anatisha. Chumbageni mnacheza kwa sumu.

#37 MzeeWaBaraza
Kwenye dhumna tunaita kufunga mchezo. Unafunga ncha zote mbili, mwenzako anabaki anatazama kete zake. Nimefurahi kujua limefika na huku.

#38 Pangani_Kwetu
Swali dogo. Vigae vyangu vimevimba pembezoni kwa unyevu wa bahari, havikai bapa. Kuna dawa? Masika ijayo vitakuwa kama chapati.

#39 MamaWawili
Vyangu naviweka ndani ya kopo la plastiki lenye mchele mkavu kwenye kitambaa, na juu yake kitabu kizito usiku kucha. Vimetulia.

Mtoto nimemwambia lile la barabara. Leo alibakiza mmoja mpaka mwisho, hakumweka kabisa! Amemkumbatia tu. Sasa nifanyeje?

#40 Nahodha_Bagamoyo
Mwambie vigae vikibaki vichache awatoe wote. Kila mtu awe mahali hata kwa pointi mbili. Na wakati huo barabara na monasteri hazina hasara, zisipofungwa zinalipa kwa kigae vilevile. Mji ndio unaopungua nusu usipofungwa.

#41 Hesabu_Tulivu
Na shamba pia, mwishoni halipungui kitu, kwa kuwa alikuwa harudi hata hivyo. Mkulima wa kigae cha mwisho na mkulima wa kigae cha kumi wanalipwa sawa. Ninapocheza wawili, zikibaki zamu zangu tano hivi naanza kuwalaza waliobaki popote penye mji mmoja uliofungwa. Pointi 3 kwa mtu ambaye angebaki mkononi.

#42 Shamba_Kwanza
Wanalipwa sawa kama wa kigae cha mwisho atapata pa kulala! Mimi nimeshalala pote.

#43 BintiChumbageni
Nimewasoma wote, ahsanteni. Kanuni yangu ya "mmoja asitoke mpaka vigae kumi" naiacha nusu. Nitafanya kama alivyosema Hesabu_Tulivu, kuhesabu vigae vinavyoweza kumrudisha. Lakini bado naona ukiwa na mmoja tu mkononi, bei yake inapanda, hata kama vigae vya kumrudisha ni vitano. Kwa sababu monasteri ziko sita kwenye sanduku, na usipokuwa na mtu inapokuja, haikusubiri.

#44 Hesabu_Tulivu
Zikiwa zimeshatoka zote sita, je?

#45 BintiChumbageni
Hapo bei inashuka. Jana wakati naishiwa zilikuwa zimetoka nne. Nilipaswa kujua mbili bado zimo.

#46 NduguYakeYuleYule
Na zote mbili zilitoka. Moja ulivuta wewe bila mtu, nyingine nikavuta mimi nikiwa naye.

Ijumaa baada ya magharibi, barazani kwa mama. Nakuja na mfuko wa kanga wa kuvutia vigae, ule wako umetoboka. Mkulima wako wa kwanza utamweka kigae cha ngapi, niambie hapa hapa mbele ya watu.

#47 BintiChumbageni
Sikuambii.

#48 Shamba_Kwanza
Cha nane dada. Niamini mimi.

#49 MzeeWaBaraza
Ijumaa nami nipo, nitakaa upande wa bao nitazame. Nataka kuona huyo mtu anavyorudi mkononi.